Maswali ya kuchagua ya nadharia za maadili: majibu manne mema, moja tu sahihi

Nimesahihisha majaribio ya somo la maadili kwa miaka kadhaa, na makosa ya wanafunzi yanafanana mno. Wachache hukosa kwa sababu hawajawahi kumsikia Kant au Mill. Wengi hukosa kwa sababu wamesoma swali, wakaona jibu linalosema jambo jema, wakalizungushia duara. Kumbe mtunga swali ameweka machaguo manne ambayo karibu yote ni mema. Hakuulizi lipi ni jema. Anauliza lipi lingesemwa na nadharia aliyoitaja.

Hapa chini kuna maswali 10 ya marudio, kila moja na jibu lake na sababu zake. Nimejifunga kwenye nadharia kuu tatu, yaani manufaa, wajibu na tabia njema, nikagusa kidogo amri ya Mungu na utu. Fanya hivi.

Hatua ya kwanza, chukua karatasi na uandike juu yake maswali matatu. Nadharia ya manufaa huuliza: matokeo yatakuwaje kwa wote wanaoguswa? Nadharia ya wajibu, ile ya Kant, huuliza: ninafuata kanuni gani, na je, kanuni hiyo inaweza kuwa ya kila mtu? Nadharia ya tabia njema, ile ya Aristotle, huuliza: mtu aliyeiva kitabia angefanyaje hapa, na tendo hili linanifanya niwe mtu wa namna gani?

Hatua ya pili, soma swali huku umefunika machaguo kwa kipande cha karatasi. Jibu kwa maneno yako mwenyewe, hata kwa sentensi moja mbovu, ndipo ufunue. Ukifunua mapema, machaguo ndiyo yatakayokufikiria.

Hatua ya tatu, ukishafunua, yatafute maneno madogo: "tu", "daima", "wengi", "kwa sababu". Mara nyingi tofauti ya jibu sahihi na jibu la mtego imejificha humo.

Swali la 1. Chumba cha bweni kina wanafunzi 10. Tisa wanataka muziki uendelee hadi saa sita usiku. Mmoja ana mtihani saa mbili asubuhi, na akifeli atarudia mwaka. Kwa mujibu wa Jeremy Bentham:

A. Muziki uendelee, kwa kuwa tisa ni wengi kuliko mmoja.
B. Muziki uzimwe, kwa kuwa kila mtu ana haki ya kulala.
C. Raha na maumivu ya wote kumi yapimwe uzito na kujumlishwa, ndipo iamuliwe.
D. Kila mmoja atafute manufaa yake, na mwenye nguvu atashinda.

Jibu ni C. Darasani wengi huchagua A, kwa sababu wamekariri kwamba nadharia ya manufaa ni "furaha kubwa kwa watu wengi" wakaichukulia kuwa ni kupiga kura. Sivyo. Bentham, katika kitabu chake cha mwaka 1789, alitaja vipimo saba vya raha na maumivu: ukali wake, muda wake, uhakika wa kutokea, ukaribu wake, uwezekano wa kuzaa raha nyingine, usafi wake kwa maana ya kutochanganyika na maumivu, na mwisho idadi ya watu wanaoguswa. Idadi ni kipimo kimoja kati ya saba.

Tupige hesabu, kwa namba nilizozitunga mimi ili tuone jinsi inavyokwenda. Tuseme kila mmoja wa wale tisa atapata raha ya pointi 2. Jumla ni 18. Huyu mmoja atakosa usingizi, atafeli, atarudia mwaka na kulipa ada upya, tuseme maumivu ya pointi 30. Kumi na nane ukitoa thelathini ni hasi 12, kwa hiyo muziki uzimwe ingawa walio wengi wanautaka. Sasa badilisha jambo moja: hana mtihani, ila hapendi nyimbo zenyewe, maumivu ya pointi 3. Jumla inakuwa chanya 15, muziki uendelee. Watu ni walewale, idadi ni ileile, na uamuzi umegeuka.

Chaguo B linafika mahali pazuri kwa njia isiyo yake. Neno "haki" kwa Bentham haliwi hoja mpaka lionyeshe faida yake kwenye hesabu. Na kama mtihani utakuuliza udhaifu wa nadharia hii, udhaifu umo kwenye hesabu yangu yenyewe: hizo pointi 30 nimezitoa wapi? Hakuna mizani inayoweza kupima maumivu ya mwanafunzi mmoja ikayalinganisha na raha ya mwingine.

Swali la 2. John Stuart Mill aliibadilishaje nadharia ya Bentham?

A. Alisema raha hutofautiana kwa ubora, si kwa wingi tu.
B. Alikataa kwamba furaha ni kipimo cha tendo jema.
C. Alisema mtu ahesabu furaha yake mwenyewe tu.
D. Alisema sheria za nchi ndizo kipimo cha mwisho.

Jibu ni A. Mill aliyaandika hayo mwaka 1861, akisema raha za akili ni za daraja la juu kuliko raha za mwili, na waamuzi ni watu waliozionja zote mbili. Kutoka hapo ndipo linapotoka lile wazo lake maarufu kwamba ni afadhali kuwa Socrates asiyeridhika kuliko mpumbavu aliyeridhika. Swali hili ni rahisi, usikae nalo sana.

Swali la 3. Mtoto ametumwa dukani kununua sukari, hajui bei. Muuza duka anamtoza bei ya haki, kwa sababu anajua mzazi akigundua amepunjwa mtaa mzima utahama duka. Kant angesema nini?

A. Tendo lina thamani kamili ya kimaadili kwa kuwa mtoto hakudhulumiwa.
B. Tendo linalingana na wajibu, lakini halikufanywa kwa sababu ya wajibu.
C. Tendo ni ovu kwa kuwa muuza duka anataka faida.
D. Tendo ni jema kwa kuwa wateja wote watanufaika.

Jibu ni B. Mfano huu ni wa Kant mwenyewe, wa mwaka 1785, mimi nimeongeza sukari tu. Alitofautisha tendo lililo sawa na wajibu kwa nje na tendo linalotoka ndani ya wajibu. Muuza duka wetu hajakosea lolote, na hapo ndipo C inapowaangusha waliosoma haraka: Kant hasemi kutaka faida ni uovu. Anasema tu kwamba uaminifu huu unasimama kwa nguzo ya biashara, na nguzo ikiondoka uaminifu nao utaondoka. Akija mtoto mgeni, mpita njia, asiye na mzazi mtaani, hatuna hakika atauziwa kwa bei gani.

Swali la 4. Juma anamkopa rafiki yake shilingi 50,000 na kuahidi kulipa mwisho wa mwezi, huku akijua hatalipa. Kwa Kant, kosa la msingi ni lipi?

A. Rafiki yake ataumia kwa kukosa fedha zake.
B. Juma akigundulika, hatakopeshwa tena.
C. Watu wote wakifanya hivyo, maisha yatakuwa magumu kwa kila mtu.
D. Kanuni anayoifuata, ikiwa ya kila mtu, itaiua ahadi yenyewe anayoitegemea.

Jibu ni D, na hili ndilo swali linalokula alama nyingi kuliko yote. Kosa ni kuchagua C. Wanafunzi wameshika kwamba Kant huuliza "vipi kama kila mtu angefanya hivyo?", na C inaonekana inasema hivyohivyo. Soma tena. C inatazama maisha yatakavyokuwa, yaani matokeo. Kant hatazami kama dunia hiyo itakuwa ngumu au nyepesi. Anatazama kama inawezekana.

Jaribio lake lifuate kwa utaratibu. Kwanza, iandike kanuni ya Juma kwa ukamilifu, pamoja na lengo lake: "Nikihitaji fedha, nitaahidi kulipa ingawa najua sitalipa, ili nipewe." Bila kuandika lengo jaribio halifanyi kazi. Pili, ifanye iwe ya kila mtu: kila mwenye shida anaahidi hivyo, na kila mtu anajua kwamba kila mwenye shida anaahidi hivyo. Tatu, mrudishe Juma ndani ya dunia hiyo na uone kama anaweza kufikia lengo lake. Anakwenda kwa rafiki yake, anasema, "Nitakulipa mwisho wa mwezi." Rafiki anacheka. Maneno "nitakulipa" yamekuwa kama salamu, hayamfungi mtu, hakuna anayetoa senti kwa ajili yake. Juma anaitaka ahadi iaminiwe na wakati huohuo anataka kanuni inayoiondolea ahadi imani. Kanuni imejila yenyewe.

Si kila kanuni mbaya hujila hivyo. "Sitamsaidia mtu yeyote mwenye shida" inaweza kuwa ya kila mtu bila dunia kujipinga. Hapo Kant anasema kanuni inawezekana, lakini huwezi kuitaka kwa dhati, maana wewe mwenyewe siku moja utahitaji msaada. Aina ya kwanza inazaa wajibu kamili, usio na mwanya, kama kutodanganya. Ya pili inazaa wajibu usio kamili, kama kusaidia, ambao unakuachia uamue umsaidie nani na kwa kiasi gani. Majaribio ya chuo yanapenda sana mgawanyo huu.

Swali la 5. Unapanda bodaboda kwenda chuoni, unalipa nauli mliyopatana, mnaachana. Kwa Kant:

A. Umekosea, maana umemtumia dereva kama chombo.
B. Umekosea, labda kama mnafahamiana.
C. Hujakosea, maana hukumtumia kama chombo tu.
D. Hujakosea, maana wote wawili mmefaidika.

Jibu ni C. Kila kitu kimo kwenye neno "tu". Kant hakukataza kutumiana. Tusingeweza kuishi siku moja. Alikataza kumtumia mtu kama chombo tu, pasipo kumhesabu kuwa ni mtu mwenye akili na malengo yake. Dereva amekubali, anajua anachokifanya, na anaweza kukataa. Ungemkosea kama ungepanda huku ukijua mfukoni huna kitu, maana makubaliano aliyoyaridhia yangekuwa ya uongo. Chaguo D lina hitimisho sahihi na sababu ya Bentham.

Swali la 6. Kwa Aristotle, wastani katika ujasiri maana yake ni:

A. Nusu kamili kati ya woga na kujitosa ovyo, sawa kwa watu wote.
B. Kutokuwa na hofu kabisa.
C. Kufanya kama watu wengi wafanyavyo, bila kuzidisha wala kupunguza.
D. Kadiri inayomfaa mtu huyu katika jambo hili, kama mwenye hekima angeipima.

Jibu ni D. Aristotle aliliona hili kosa la A mapema, karne ya nne kabla ya Kristo, akalitolea mfano wa chakula. Kama sehemu kumi za chakula ni nyingi na mbili ni chache, alisema, mwalimu wa mieleka hatampa kila mtu sita. Sita zitakuwa chache kwa Milo, bingwa wa mieleka wa karne ya sita kabla ya Kristo, na nyingi kwa anayeanza mazoezi leo. Wastani unamhusu mtu na hali yake. Askari wa zimamoto anayeingia nyumba inayowaka ana ujasiri. Mpita njia asiye na mafunzo akiingia vilevile huenda amejitosa ovyo.

Kuna mtego wa pili unaotokea kwenye maswali ya kweli au si kweli: "Kwa Aristotle, kila tendo lina wastani wake." Si kweli. Alitaja wazi wizi, uzinzi na uuaji kuwa ni mabaya kwa majina yao. Hakuna kuzini kwa kiasi, na mtu hawezi kuiba kwa wakati unaofaa na kwa kiwango kinachofaa.

Swali la 7. Neema na Asha wanamuuguza bibi yao kwa zamu. Neema hufanya kwa furaha, anapenda kukaa naye. Asha anatamani kuondoka, lakini hubaki na kumhudumia vizuri kwa sababu anajua ni wajibu wake. Kauli ipi ni sahihi?

A. Aristotle angeona tabia njema iliyoiva kwa Neema. Kant angeona thamani ya kimaadili ikijidhihirisha zaidi kwa Asha.
B. Aristotle angemsifu zaidi Asha. Kant angemsifu zaidi Neema.
C. Wote wawili wangemchagua Neema, kwa kuwa bibi anafurahi zaidi.
D. Wote wawili wangewaona sawa, kwa kuwa bibi amehudumiwa.

Jibu ni A. Kwa Aristotle, tabia njema hujengwa kwa mazoea, kama fundi anavyopata mkono kwa kufanya kazi, na dalili kwamba imeiva ni kwamba mtu anaifurahia. Asha anajizuia vizuri, na hilo ni la kusifiwa, lakini bado yuko njiani. Kant anaona upande wa pili. Kwa Neema hatuwezi kujua kama ni wajibu au ni mapenzi tu yanayomsukuma, na mapenzi siku nyingine hupoa. Kwa Asha mapenzi hayapo, lakini tendo limebaki palepale.

Usiende mbali zaidi ya hapo. Nimesoma majibu yanayodai kwamba Kant anataka watu wachukie kutenda mema. Hakusema hivyo. Alichotafuta ni mfano ambao wajibu unaonekana peke yake, bila kuchanganyika na kitu kingine.

Swali la 8. Katika majadiliano yaliyoandikwa na Plato, Socrates anamuuliza Euthyphro swali ambalo hadi leo hutumika dhidi ya nadharia kwamba jema ni lile aliloamuru Mungu. Swali hilo linaibanaje nadharia hiyo?

A. Linaonyesha kwamba Mungu hayupo.
B. Linaonyesha kwamba dini zina amri zinazotofautiana.
C. Linalazimisha kuchagua: ama jambo ni jema kwa kuwa limeamriwa, ama limeamriwa kwa kuwa ni jema.
D. Linaonyesha kwamba watu wa dini hawazifuati amri.

Jibu ni C. Ukichukua upande wa kwanza, basi lolote likiamriwa lingekuwa jema, hata ukatili. Ukichukua wa pili, wema unakuwa na kipimo kilichokuwepo kabla ya amri. Waliosoma elimu ya Kiislamu watalitambua swali hili kwa sura nyingine: Mu'tazila walisema akili inaweza kujua jema na baya, Ash'ari wakasema jema ni lile lililoamriwa na baya ni lile lililokatazwa. B na D ni hoja ambazo watu huzitoa, ila hazikuwa hoja ya Socrates.

Neno la pembeni: ukiona chaguo moja ni refu kuliko mengine, kama hapa, usilikimbilie. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa na mtindo huo, ukanibeba majaribio mawili, la tatu likatungwa na mwalimu aliyekuwa anaujua.

Swali la 9. Hili lisome polepole, ndilo kiini cha marudio yote. Mwanafunzi wa uuguzi yuko kwenye mafunzo kwa vitendo hospitalini. Kwenye faili la mama mmoja ameona majibu: saratani ya shingo ya kizazi. Mtoto wa mama huyo amemvuta pembeni kwenye korido. "Sista, nakuomba, mama asiambiwe. Presha yake haitahimili." Anaingia wodini. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Majibu yamesemaje? Ni kansa?"

Wanafunzi wanne walioulizwa kuhusu mkasa huu wanasema hawatamjibu kwamba ni vidonda tu. Sababu zao ni hizi. Ipi ni ya Kant?

A. "Akipelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road atagundua tu, na hapo hatatuamini tena, ataacha matibabu. Hofu ya leo ni ndogo kuliko hasara hiyo."
B. "Mwili ni wake na maisha ni yake. Nikimdanganya nimemnyang'anya nafasi ya kuamua mambo yake."
C. "Muuguzi mkweli na mpole hujengwa kwa siku kama hizi. Nikizoea uongo mdogo wodini, nitakuwa mtu nisiyemtaka."
D. "Ugonjwa huu ni wa ukoo. Akifichwa ametengwa na watu wake, na wao wamekosa kuubeba pamoja naye."

Jibu ni B. Angalia kwanza kwamba wote wanne wameamua jambo lilelile. Uamuzi hautakwambia nadharia. Sababu ndiyo itakayokwambia. A ni manufaa: inapima hofu dhidi ya hasara. C ni Aristotle: inamtazama mtendaji na mazoea yake. D ni maadili ya utu, yale ambayo John Mbiti aliyaeleza mwaka 1969 kwa kusema nipo kwa sababu tupo, na ambayo sisi tumeyabeba siku zote katika methali ya mtu ni watu. Tena utu unaweza kumpa hoja hata yule kijana wa korido, maana naye anadai anamlinda mama kama familia.

Wanaokosa huchagua A, kwa kuwa inakataza uongo na Kant anajulikana kwa kukataza uongo. Hapa kuna jaribio ninalolitumia mwenyewe nikitunga mtihani: badilisha matokeo, halafu uone kama sababu inabaki imesimama. Tuseme mama amebakiza siku mbili za kuishi, hatapelekwa popote, hatagundua kamwe. Sababu A imeanguka palepale, hata inaweza kugeuka na kuunga mkono uongo. Sababu B haijatikisika, maana siku mbili hizo bado ni za kwake, na pengine ana la kumwambia mtu. Sababu inayoanguka matokeo yakibadilika ni ya manufaa. Inayobaki, itafute kwingine.

Kuna jambo jingine ambalo swali la insha hupenda kuliuliza. Kutodanganya si sawa na kusema yote. Mwanafunzi huyu hana mamlaka ya kutoa majibu ya ugonjwa, na Kant hamlazimishi. Anaweza kusema, "Mama, majibu yamefika. Mimi bado mwanafunzi, daktari ndiye wa kukueleza. Naenda kumwita, na nitakaa hapa na wewe." Kila neno ni la kweli. Ambacho Kant hakukiruhusu ni kusema lisilo kweli, na alishikilia hivyo hadi mahali panapowashinda wasomaji wengi: katika insha yake ya mwaka 1797 alisema hata muuaji akibisha mlangoni akiuliza rafiki yako yuko wapi, huna haki ya kumdanganya. Mimi bado sijakubaliana naye hapo. Mtihani lakini hauulizi kama nimekubaliana.

Swali la 10. Mwanafunzi wa tano anasema: "Huenda uongo ungemsaidia mama huyu. Lakini ukiwepo utaratibu wa wauguzi kudanganya, wagonjwa hawataamini hata majibu mazuri, na watu wengi wataumia. Kwa hiyo tusidanganye." Huyu anafuata:

A. Wajibu, kama Kant.
B. Manufaa yanayopimwa kwa kanuni.
C. Manufaa yanayopimwa kwa kila tendo.
D. Tabia njema, kama Aristotle.

Jibu ni B. Ametaja utaratibu wa wote, ndiyo maana A inavutia, lakini amemalizia kwa "watu wengi wataumia". Anayepima kila tendo peke yake angemdanganya mama huyu kama hesabu ya leo ingeruhusu. Anayepima kanuni hujiuliza kanuni ipi, ikifuatwa na wote, italeta mema zaidi. Kant naye hujiuliza kama kanuni inaweza kuwa ya wote pasipo kujipinga. Rudi swali la 4, utaona chaguo C ni la mtu huyuhuyu.

Baada ya siku tatu au nne, rudia maswali haya kwa kuyageuza. Funika majibu sahihi, uchukue yale ya mtego, na kando ya kila moja uandike ni nani angelisema. Katika swali la 4, A ni ya anayepima madhara ya tendo lenyewe, B ni ya anayetazama maslahi yake tu, C ni ya manufaa ya kanuni. Katika swali la 1, B ingesemwa na mtu anayeanzia kwenye haki, na A ni ya mpiga kura, ambaye hana nadharia yoyote kati ya hizi. Katika swali la 3, A na D zote zinatazama kilichompata mtoto na wateja, na hakuna hata moja inayouliza kwa nini muuza duka alitoza bei ile.